Krediti 54 zimekubaliwa, lakini ni 39 tu zinazohesabika

Mdogo wangu alinipigia simu kwa furaha. "Kaka, wamekubali krediti hamsini na nne!" Alikuwa amemaliza miaka miwili ya sayansi ya kompyuta na kupata nafasi ya kuhamia chuo cha nje, kinachofuata mfumo wa Kimarekani. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: shahada ni krediti 120, toa 54, zinabaki 66, miaka miwili na kidogo amemaliza. Nikamwomba anitumie barua yote ya tathmini, maana kazi ya kupitia maombi ya uhamisho niliwahi kuifanya, na najua neno "zimekubaliwa" linavyoweza kumdanganya mtu.

Kabla ya barua yenyewe, niondoe hofu moja isiyo na msingi. Kwenye transkripti yake ya nyumbani alikuwa na krediti 240. Alipoona huko zinatajwa 60, alidhani amenyang'anywa 180. Hakunyang'anywa kitu. Kuna mifumo inayohesabu krediti 120 kwa mwaka mmoja wa masomo, ule wa Ulaya uitwao ECTS unahesabu 60, na wa Kimarekani kwa kawaida 30. Miaka miwili ni 240, au 120, au 60, kama vile umbali uleule unavyosomwa kwa maili au kwa kilomita. Kozi zake zilikuwa ishirini, na kila moja ikawa krediti tatu. Hadi hapo hakuna hasara.

Hasara ya kwanza ilikuwa ndogo na ya wazi. Kozi mbili alikuwa amepata D. Nyumbani amefaulu, lakini vyuo vingi vinavyopokea wanafunzi wa uhamisho huanzia C. Zikatoka krediti sita, zikabaki 54. Ndizo alizozishangilia.

Kilichomuumiza kilikuwa ukurasa wa pili, kwenye safu ya mwisho ya jedwali. Kozi tano zilikuwa na jina la kozi ya chuo kipya pembeni yake, zote za kompyuta na hisabati. Nne zililinganishwa na masomo ya jumla. Tisa zilizobaki ziliandikwa kwamba ni za hiari, hazina kozi inayolingana nazo. Sasa, shahada ile ina nafasi ya krediti 12 tu za hiari. Kozi tisa ni krediti 27. Kwa hiyo 15 zimekubaliwa, zitaandikwa kwenye rekodi yake, na hazitampunguzia hata siku moja ya kusoma. Zinazohesabika ni 15 za fani, 12 za jumla na 12 za hiari: jumla 39. Zinabaki 81. Akichukua 15 kila semesta, hizo ni semesta sita, yaani miaka mitatu kamili juu ya miwili aliyokwisha kusoma.

Alinyamaza kwa muda mrefu kwenye simu. Kisha akauliza kama chuo chake cha nyumbani ni kibaya kiasi hicho.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, na inaniuma kila ninaposikia mtu akidharau elimu yake kwa sababu ya jedwali kama lile. Ubora wa chuo huangaliwa mwanzoni kabisa: kinatambulika au hakitambuliki. Kikishapita hapo, mtathmini anabaki na swali jembamba zaidi: je, nikimsamehe huyu kozi yangu fulani, ataweza kukaa kwenye kozi inayofuata bila kupotea? Swali hilo halijibiwi na jina la kozi wala na alama A. Linajibiwa na muhtasari wa kozi.

Chukua "miundo ya data" ya mdogo wangu. Aliisoma vizuri, akapata B+. Muhtasari uliotumwa ulikuwa aya moja ya mistari mitano, iliyonakiliwa kutoka kitabu cha mwongozo cha chuo. Haukutaja kitabu cha kiada wala saa za maabara, na haukusema kama wanafunzi waliandika programu wenyewe au walisoma nadharia tu. Mtathmini akiona hivyo hathubutu kusema inalingana na kozi yake, kwa sababu kozi tatu za mbele zimejengwa juu yake. Anachagua njia salama: anaiweka kwenye hiari. Matokeo yake ni mabaya kuliko krediti tatu zilizopotea, maana bila miundo ya data huruhusiwi kuchukua algorithimu wala mifumo endeshi, na mnyororo mzima unasogea mbele kwa semesta.

Hisabati ilikuwa na kisa tofauti. Nyumbani alisoma kozi moja iliyobeba tofautisho, ujumlisho na matriki ndani ya semesta moja. Chuo kipya kimezigawa katika kozi tatu. Yake iligusa sehemu ya kila moja, na haikumaliza hata moja. Mtathmini hana namna ya kutoa nusu ya kozi, kwa hiyo nayo ikaenda kwenye hiari.

Kuna mikataba ya kimataifa ya kutambua masomo, kama ule wa Lizaboni wa 1997, unaotaka chuo kinachokataa kionyeshe kuna tofauti kubwa ya msingi. Ni mkataba mzuri kwa nchi zilizomo. Lakini kutambua kwamba umesoma ni jambo moja, na kupangiwa mahali ndani ya shahada fulani ni jingine.

Tulikata rufaa. Mdogo wangu alimwandikia mwalimu wake wa zamani, naye, Mungu ambariki, akatuma mpango wa wiki kumi na tano, jina la kitabu na sura zilizofundishwa, maswali ya mradi na karatasi ya mtihani wa mwisho. Tulifanya hivyo kwa kozi tatu: miundo ya data, hisabati bainifu na hifadhidata. Zote tatu zikapata kozi za kulingana nazo. Krediti tisa zikatoka kwenye hiari zikaingia kwenye fani, zinazohesabika zikawa 48, zikabaki 72, semesta tano. Semesta nzima imeokolewa kwa kurasa kumi na mbili ambazo zingeweza kutumwa tangu mwanzo.

Ndiyo maana nasema lawama zigawanywe. Chuo kinachotoa muhtasari wa mistari mitano kinamfunga mwanafunzi wake miguu. Na chuo kinachopokea kinakosea zaidi kinapodai ada ya kuthibitisha nafasi kwanza, kisha kinatuma tathmini ya kozi baadaye, wakati mtu ameshaacha masomo nyumbani. Mwanafunzi ana haki ya kuliona jedwali lile, lenye safu ile ya mwisho, kabla hajalipa chochote. Akiuliza "mtakubali krediti ngapi?" atajibiwa kwa namba ya kufurahisha. Aulize kwa maandishi: "Nikija na kozi hizi, nitabakiwa na krediti ngapi kabla ya kuhitimu, na nitaanza na kozi zipi?"

Kozi ya hisabati tuliiacha ilivyokuwa. Nilipitia karatasi zake za mtihani na sikuona hata swali moja la mfululizo usio na kikomo, na kozi inayofuata inaanzia hapohapo. Amejiandikisha kuisoma upya.