Picha ya uongo humwokoa mwizi wa kweli

Picha iliyosambaa wiki hii katika makundi ya WhatsApp hapa Kisumu inamwonyesha gavana wa kaunti jirani ameketi katika chumba cha hoteli, na mbele yake pamepangwa mabunda ya noti za elfu moja. Inaonekana kama iliyonaswa na kamera ya usalama: rangi zimefifia, kuna ukungu kidogo, na kwenye kona ya chini imeandikwa tarehe na saa. Kikao hicho hakikuwahi kufanyika na chumba chenyewe hakipo. Aliyeitengeneza kwa akili unde ni kijana anayechapisha mabango Kondele, mtu ninayemfahamu na kumheshimu, kwa kuwa ni miongoni mwa wachache waliofuatilia kwa nini zahanati ya kwao ilikaa muda mrefu bila dawa za malaria.

Nilipomuuliza, alinijibu bila kusita: "Mwalimu, hata kama picha si ya kweli, wizi ni wa kweli."

Jibu hilo limenikosesha utulivu kwa sababu najua hasira iliyolizaa, na hasira hiyo ni yangu pia. Hata hivyo nalipinga kabisa.

Kijana alinionyesha agizo alilochapa ili kuipata picha hiyo. Lilikuwa na mambo matatu: jina kamili la gavana, tendo ambalo hakuna aliyelishuhudia, na maneno haya: "picha ya kamera ya usalama, mwanga hafifu, tarehe na saa kwenye kona". Hilo la tatu ndilo zito kuliko yote. Mchora katuni naye hutumia uso wa kiongozi na humweka mahali ambapo hakuwahi kuwa, lakini kila anayetazama anajua anaangalia mchoro. Anayeomba ukungu wa kamera na saa kwenye kona anaomba sura ya ushahidi, na sura hiyo haina kazi nyingine ila kumfanya mtazamaji aamini kwamba jambo limetokea. Kuliacha jina na kumweleza mtu kwa kofia yake, mvi zake na fimbo yake mpaka kila mmoja amtambue hakubadilishi chochote, ingawa wapo wanaofanya hivyo pale programu inapokataa majina ya viongozi.

Sasa tazameni kilichofuata. Ofisi ya gavana ilitoa taarifa fupi ikisema kwamba picha ni ghushi na ni kazi ya wapinzani, na safari hii ofisi ilisema kweli. Waandishi wa habari waliokuwa wakiulizia dawa wakaanza kuulizia picha. Siku chache baadaye muuguzi mmoja alituma picha halisi aliyoipiga kwa simu yake, ya rafu tupu za chumba cha dawa, na majibu ya kwanza katika kundi yalikuwa kwamba hiyo nayo imetengenezwa na kompyuta. Mama huyo alikuwa amehatarisha kazi yake ili watu waone. Watu waliona, wakakataa kuamini, na gavana hakuhitaji hata kumjibu.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Kila picha ghushi ya kiongozi mwovu humwekea akiba ya kukana. Siku atakaponaswa kweli, hatalazimika kuthibitisha kwamba hakufanya; itamtosha kusema kwamba siku hizi picha hutengenezwa, na sisi wenyewe tutakuwa tumemtayarishia mashahidi wa kauli hiyo.

Sisi wa huku tunapaswa kuliona jambo hili upesi kuliko wengine, kwa sababu tunajua kukosa picha kunagharimu nini. Agosti 2017, baada ya uchaguzi, mtoto wa miezi sita alipigwa na polisi ndani ya nyumba ya wazazi wake Nyalenda, akafariki siku chache baadaye. Wazazi walisema waliyoyaona, madaktari wakaeleza majeraha, na bado ilibidi kungoja hadi 2019 ndipo mahakama hapa Kisumu, baada ya uchunguzi wa kifo hicho, iwataje makamanda wa polisi kuwa wa kuwajibika. Linganisheni na Juni 17, 2025 jijini Nairobi, wakati mchuuzi wa barakoa alipopigwa risasi kwa karibu mbele ya kamera. Video ilienea siku hiyo hiyo, na haukupita muda mrefu kabla ya askari kushtakiwa kwa mauaji. Sisemi kwamba haki imekamilika katika kesi yoyote kati ya hizo. Nasema kwamba video ya simu ndiyo nguvu pekee ambayo raia asiye na wakili wala mjomba serikalini amekuwa nayo, na nguvu hiyo inaishi kwa sababu moja tu, kwamba watu bado wanaamini wanachokiona.

Ninakubali, tena kwa shingo upande, kwamba hoja kama hii hupendwa na wakubwa wanaotafuta kisingizio. Mwishoni mwa 2024 vijana kadhaa walitekwa baada ya kusambaza picha na michoro ya kumkejeli Rais, na baadhi yao walirejea nyumbani Januari 2025. Kumteka mtu kwa ajili ya picha ni uhalifu mkubwa kuliko picha yoyote, na sitaki neno langu hata moja litumiwe kuutetea. Kipengele cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa kujieleza, na kipengele hicho hicho kinadai kwamba anayejieleza aheshimu haki na sifa za wengine. Namwomba kijana wangu ayashike yote mawili.

Basi angefanyaje? Angeanza na jambo analoweza kulithibitisha, yaani rafu tupu, si hoteli ambayo hakuna aliyeiona. Nilikaa naye dukani tukaliandika agizo upya: "Mchoro wa wino mweusi, chumba cha dawa cha zahanati ya kijijini, rafu tupu, mama amempakata mtoto dirishani, hakuna mtu halisi, hakuna maandishi." Maneno aliyaongeza mwenyewe kwa programu yake ya mabango: jina la zahanati, tarehe ambazo dawa zilikosekana, na kiasi kilichotengwa kwa dawa kama kilivyo katika ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, pamoja na namba ya ukurasa. Jina la gavana limo katika maandishi kama mtu anayedaiwa jibu, na uso wake haumo. Bango hilo haliwezi kukanwa kwa taarifa fupi.

Akitaka uso kwa lazima, zipo njia mbili ninazoziona salama. Ya kwanza ni picha halisi isiyoguswa, yenye tarehe na mahali ilipopigwa. Ya pili ni katuni ya wazi, yenye kichwa kikubwa na mistari ya kalamu, ambayo hata ikipita mikononi mwa watu mia haitadhaniwa kuwa picha ya kamera.

Kuna anayesema kwamba inatosha kuandika chini ya picha kwamba imetengenezwa na akili unde. Haitoshi. Maelezo ya chini hubaki nyuma mtu anapoihifadhi picha na kuituma upya, na alama zinazofichwa ndani ya faili kuonyesha asili yake mara nyingi hupotea WhatsApp inapoipunguza picha au mtu anapopiga picha ya skrini. Maandishi ya pembeni hukatwa kwa kidole. Ndiyo maana hata mchoro wetu wa rafu tumeuandikia neno MCHORO katikati, juu ya rafu zenyewe, mahali ambapo anayelikata atalazimika kuikata picha nzima.