Mama, kilemba nacho ni pango: barua kwa mwenye fremu Moshi

Barua hii nilimwandikia mama mmoja mwenye fremu mbili karibu na Double Road hapa Moshi. Ameniruhusu kuiweka hapa bila jina lake, maana swali lake naulizwa na wenye nyumba wengi.

Shikamoo mama,

Umeniuliza kwa nini mpangaji wako mpya, yule kijana wa vipuri vya bodaboda, amekata hela kwenye malipo yako. Mlikubaliana laki nne kwa mwezi, alipe miaka miwili mbele, yaani 9,600,000, na juu yake kilemba cha 3,000,000 ndipo umpe funguo. Ulitarajia 12,600,000, ukapokea 11,340,000. Zile 1,260,000 hakukudhulumu. Ni kodi ya zuio, asilimia kumi ya yote aliyokulipa, na anatakiwa kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa malipo kuisha. Amelipa Machi, basi mwisho wake ni tarehe 7 Aprili.

Najua kinachokuuma zaidi ni kilemba. Umesema hicho ni shukrani ya kupewa fremu nzuri, si pango. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 haiangalii mmekiitaje. Inahesabu kuwa pango malipo anayotoa mpangaji kwa sababu ya mkataba wa upangaji, na malipo ya kuingilia yamo humo humo. Kingekuwa jambo jingine kama kijana angempa kilemba mpangaji aliyetoka, kwa ajili ya rafu zake na wateja aliowazoesha. Hapo wewe hukupokea kitu, na hesabu ni ya yule aliyetoka kwenye biashara yake. Lakini kikipita mkononi mwako ni chako, na kodi yake ni yako.

La pili ni miaka miwili. Ukasema, pango la mwakani nitalilipia kodi mwakani. Ingekuwa kampuni ndiyo mwenye fremu, hesabu zake zingegawanya pango hilo kwa miaka linayohusu, ingawa mpangaji angekata zuio siku ya kulipa vilevile. Wewe ni mtu binafsi unayepangisha mali yako, na mapato ya namna hiyo huhesabiwa pale fedha inapopokelewa. Miezi 24 imeingia siku moja, basi imekatwa siku moja. Jumla haijaongezeka hata shilingi, maana kiwango ni kilekile. Umeitoa mapema tu. Na kwa kuwa hufanyi upangishaji kama biashara, kodi hiyo ndiyo ya mwisho kwenye pango hilo. Ubaya wake ni kwamba rangi na bati ulizobadilisha Januari hazipunguzi kitu, maana inakatwa kwenye pango zima kabla ya gharama.

Sasa, tafadhali usifanye kama jirani yako anavyokushauri, kwamba mkataba uandikwe laki mbili na nyingine zipite pembeni. Mpangaji mwenye biashara anataka gharama zake zionekane kwenye vitabu, kwa hiyo siku akikaguliwa atatoa muamala wa benki au wa simu wenye jina lako. Na asipokata kabisa, TRA inaweza kumdai yeye au wewe.

Wapo pia wanaoandika kwenye mkataba kwamba kodi zote ni juu ya mpangaji. Inaruhusiwa, ila hesabu yake inabadilika. Ukitaka 12,600,000 zifike mkononi zikiwa kamili, hizo zinakuwa asilimia tisini ya pango. Pango lenyewe ni 14,000,000, na zuio ni 1,400,000. Wengi hukata asilimia kumi ya 12,600,000 wakadhani wamemaliza, na ile 140,000 inabaki kuwa deni.

Mimi binafsi sipendi pango la miaka miwili mbele kwa fremu ndogo. Kijana huyu akifunga biashara baada ya miezi kumi na kudai miezi 14 iliyobaki, utatafuta 5,600,000, na 560,000 kati ya hizo hukuzishika, zipo TRA. Ongezeni kifungu kwenye mkataba kinachosema akivunja mwenyewe atarudishiwa kiasi ulichopokea baada ya kukatwa, na kwamba kilemba hakirudi. Mwanasheria akiandike, si mimi.

Na umdai kijana cheti cha kodi ya zuio. Akikuletea, tazama mambo mawili: TIN iwe yako, si ya marehemu baba ambaye jina lake bado liko kwenye hati ya kiwanja, na kiasi cha pango kisomeke 12,600,000. Kikisomeka 9,600,000, kilemba hakijalipiwa kodi, na 300,000 za kilemba alizokukata bado anazo. Nipigie kabla ya tarehe 7, nitaongea naye.

Mwanao,
Mhasibu