Hisa 20 zikianguka pamoja ni hisa moja

Kuna jamaa kanionyesha jedwali lake juzi na mpaka sasa linanikera. Jedwali zuri, nakubali. Hisa 20 za soko la Marekani, sekta nane, kila hisa kaipa uzito sawa, na pembeni kapanga korelesheni za kila jozi, yaani hisa mbili zinavyopanda na kushuka pamoja, kwa kutumia bei za miaka mitatu iliyopita, miaka ambayo soko lilikuwa limelala usingizi wa pono. Wastani wake 0.25. Chini kabisa kaandika kwa herufi kubwa: RISKI IMEPUNGUA KARIBU NUSU. Halafu ndo akanipa mpango wenyewe, kwamba kwa vile riski imepungua nusu basi atakopa kwa broka dola 10,000, aziongeze kwenye 10,000 zake, anunue hisa za 20,000, na eti hapo atakuwa amerudi tu kwenye riski ya mtu mwenye hisa moja, na watu mbona wanashika hisa moja na wanalala?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hesabu yake iko sawa. Fomula ni hii, kwa hisa N zenye uzito sawa na mtikisiko unaofanana:

```
s_kapu = s * sqrt(1/N + (1 - 1/N) * r)
```

Hapo s ni mtikisiko wa hisa moja kwa mwaka na r ni korelesheni ya wastani. Weka s asilimia 30, N 20, r 0.25, unapata asilimia 16. Kweli karibu nusu. Ukikopa mara mbili unafika 32, ambayo ni kama hisa moja. Mwalimu yeyote angempa vema.

Sasa chukua fomula hiyo hiyo uipeleke kwenye siku mbaya. Korelesheni inaruka mpaka 0.8, na mtikisiko wa kila hisa nao haukai kwenye 30, tuseme umefika 60. Kapu lake linatoka asilimia 16 linakwenda 54, na kwa vile amekopa mara mbili ni 108. Hakuuza wala kununua chochote, jedwali ni lile lile na sekta nane bado ziko nane, lakini riski yake imezidi mara tatu. Na usiniambie basi aongeze hisa ziwe 100. Kwa korelesheni ya 0.25 hisa 100 zinamshusha kutoka 16 hadi 15 na kidogo, ndo mwisho wa faida, na kwa 0.8 hata akinunua soko zima hashuki hata nusu ya asilimia, yaani kutoka 54 anafika 53 na kitu. Idadi ya hisa haiwezi kutibu korelesheni.

Watu wanaongea kana kwamba korelesheni kupanda ni mkosi fulani unaotoka angani. Hapana. Kila hisa ina mtikisiko wa aina mbili, ule wa soko zima na ule wa kampuni yenyewe, bosi kajiuzulu, dawa imekataliwa, mauzo yamepungua. Siku za kawaida ule wa kampuni ndo mkubwa, kwa hiyo hisa zinaonekana kila moja ina mambo yake. Tuseme soko linatikisika asilimia 15 na habari za kampuni asilimia 26, ukizijumlisha kwa kanuni yake (unapiga mraba kwanza) unapata ile 30 ya jamaa, na sehemu ya pamoja ni robo tu, ndo ile 0.25. Sasa mtikisiko wa soko upande mpaka 60 na wa habari za kampuni ufike 35. Sehemu ya pamoja inakuwa robo tatu. Hakuna aliyegusa kampuni yoyote, ni ile sehemu ya pamoja tu imevimba ikameza nyingine.

Na kwa nini inavimba? Kwa sababu siku hizo anayeuza haangalii kampuni, anaangalia deni. Mfuko umepigiwa simu na wenye fedha wanataka zao, au broka anadai dhamana iongezwe, basi mwenye mfuko anauza kile kinachouzika haraka, na kinachouzika haraka mara nyingi ni kile kizuri. Hisa yako nzuri inaanguka kwa sababu mtu usiyemjua, aliyeishika pamoja na takataka, anahitaji hela leo kabla ya saa za kufunga. Kushuka huko kunamfinya mwingine naye anauza. Hapo sekta nane zina maana gani? Zote zina mmiliki mmoja, naye kabanwa.

Kuna wanaobisha kitakwimu, wanasema ukipima korelesheni kipindi cha mtikisiko mkubwa lazima itoke kubwa hata kama uhusiano wenyewe haujabadilika. Sawa, wana hoja, mfano wangu wa juu wenyewe unaonyesha hivyo. Lakini hasara haiulizi kama uhusiano umebadilika au umevimba tu. Na pia kuna kitu hoja hiyo haikimalizi: Longin na Solnik mwaka 2001 walipima masoko ya nchi mbalimbali wakakuta korelesheni inapanda soko likishuka sana, lakini sio likipanda sana. Yaani kutawanya kunafanya kazi vizuri wakati huna shida nako.

Mwaka 2008 waliokuwa wametawanya mpaka nje ya nchi walijionea. Fahirisi ya S&P 500, inayofuata kampuni kubwa 500 za Marekani, ilipoteza asilimia 37 mwaka ule ukihesabu na gawio, na wale waliokimbilia masoko yanayoinukia kwa sababu "yana uchumi wao tofauti" walipoteza zaidi ya nusu.

Lakini mfano ninaoupenda kwa huyu jamaa ni 2020, maana ulikwenda haraka na namba zake zinamkaa kama zimeshonwa kwa ajili yake. S&P 500 ilifunga kileleni tarehe 19 Februari, ikafika chini kabisa 23 Machi, kushuka kwa asilimia 34 hivi. Tuseme hisa zake 20 zilifanya kama soko tu, wala si mbaya zaidi. Ana hisa za 20,000, deni 10,000. Broka wengi wanataka mtaji wako usipungue asilimia 30 ya thamani ya hisa. Piga hesabu: hisa zikishuka mpaka kama 14,290, chake ni 4,290, ndo asilimia 30 kamili. Hiyo ni kushuka kwa asilimia 28.6. Tarehe 16 Machi soko lilianguka asilimia 12 kwa siku moja na likawa limeshuka 29.5 kutoka kileleni. Simu ya broka inaita siku hiyo.

Mara ya kwanza anauza kidogo, mia chache za dola, anajiona mjanja. Shida ni kwamba broka ana ruhusa ya kupandisha kiwango bila kukuaga, na anakipandisha wakati huo huo. Akisema sasa nataka 40, jamaa mwenye 4,090 zake anatakiwa abaki na hisa za 10,200 tu, maana yake anauza karibu 3,900 kwa jumla, siku ambayo kila mtu anauza. Mwenye hisa zile zile bila deni aliteseka, akabaki na 6,600 kwenye 10,000, akafunga simu yake. Agosti 18 fahirisi ikawa imefunga juu ya kilele cha Februari. Alichouza jamaa yetu hakikupanda naye.

Kwa hiyo mimi nasema hivi, na kwenye hili sitaki mjadala mrefu: ukubwa wa kapu lako la hisa usiupange kwa korelesheni kabisa. Itupe. Chukulia korelesheni siku ya kuporomoka ni 1, hisa 20 ni hisa moja, halafu uliza maswali mawili tu. Hasara gani naweza kuibeba bila kulazimika kuuza? Na kapu lote likianguka pamoja litaanguka kiasi gani?

La pili historia inajibu. Kutoka 2000 hadi 2002 S&P 500 ilishuka kama asilimia 49, kutoka Oktoba 2007 hadi Machi 2009 ikashuka 57. Mimi naweka 50 na najua siku nyingine haitatosha. La kwanza ni lako. Tuseme jamaa anaweza kubeba 2,500 katika 10,000 zake. Basi 2,500 gawanya kwa 0.5 ni 5,000. Hizo ndo hisa zake zote, 250 kila moja. Na hapo bado, maana nilipoangalia orodha yake kumejaa zile hisa zinazoruka kuliko soko, tuseme soko likishuka kumi zenyewe zinashuka 13. Kwake 50 inakuwa 65, na 2,500 gawanya kwa 0.65 ni kama 3,850. Yeye anataka 20,000. Amezidisha mara tano na bado anajiita mtu wa tahadhari!

Alilalamika kwamba soko likipanda asilimia 20 atapata nusu ya wenzake au chini ya hapo. Ni kweli na inauma, miaka mizuri ni mingi kuliko mibaya. Pia kuna mtu ambaye anaweza kubeba hasara ya nusu nzima, hana deni, mshahara unaingia, hela haihitaji miaka 20. Kwake hesabu hiyo hiyo inatoa 10,000 kwa 10,000, aweke zote, sina neno. Lakini ili ikupe 20,000 lazima useme uko tayari kupoteza kila kitu, na sijaona anayekubali kuandika hivyo kwenye jedwali.

Wala sisemi ashike hisa moja. Hisa 20 zinakukinga na Enron na Wirecard, kampuni moja kuoza peke yake, na kazi hiyo zinaifanya vizuri hata soko likiwaka moto. Zigawe hizo 3,850 kwa 20, hewala. Ninachokataa ni kuitumia kinga hiyo kama ruhusa ya kununua zaidi.

Na zile 6,150 zinazobaki, tafadhali, zisiende kwenye bondi za kampuni zenye riba tamu kwa sababu "nazo ni tofauti na hisa". Aliyeshika bondi ndefu 2022 alizitazama zikishuka mwaka ule ule na hisa. Weka dhamana za serikali za muda mfupi, miezi mitatu, zimekaa tu hazina habari.