Geti la skwea paipu halihitaji rodi ya 7018

Mteja mmoja alikuja karakanani kwangu hapa Tanga na pakiti ya rodi za E7018 mkononi. "Fundi, nimeambiwa hizi ndizo kiboko. Geti langu nataka lichomelewe kwa hizi." Nikamjibu, "Mzee wangu, geti nitalichomelea kwa 6013, na sababu nitakuonyesha."

Tarakimu mbili za mwanzo kwenye rodi zinaeleza nguvu ya mshono unapovutwa: 60 ni pauni 60,000 kwa inchi ya mraba, 70 ni pauni 70,000. Ndiyo maana watu huona 7018 ni bora kwa kila kazi. Lakini geti lake ni la skwea paipu yenye unene wa milimita 1.5. Ukilivuta hadi livunjike, paipu itachanika pembeni ya mshono kabla mshono wa 6013 haujachoka. Nguvu ya ziada anayoilipia haina pa kufanyia kazi.

Tena 7018 ina masharti. Inataka mashine yenye volti 70 hivi kabla moto haujawaka, na transfoma nyingi za kufungwa mtaani hazifiki hapo, kwa hiyo rodi inanata au moto unazimika. Inataka pia kukaa kwenye oveni, kwa sababu ganda lake likinyonya unyevu faida yake kubwa inapotea. Hewa yetu ya pwani, pakiti ikishafunguliwa, haiisubiri hadi jioni.

Kwa grili za madirisha ndiyo haifai kabisa. Dirisha moja lina viungo vifupi vingi, kila kimoja sentimita moja au mbili, yaani unawasha na kuzima moto siku nzima. Ukizima 7018, nchani hubaki kitu kama kioo ambacho lazima ukigonge kitoke ndipo iwake tena, na pale inapoanzia mara nyingi hubaki vitundu. 6013 unaigusisha tu, inawaka.

Kwa hiyo kazi yangu nyingi ni 6013 ya milimita 2.5, ile tunayoiita geji 12. Kwenye paipu ya 1.5 naiweka kati ya ampea 60 na 70, na kama mashine ni inveta, kishikio cha rodi nakifunga kwenye hasi, kwa kuwa upande huo moto hauchimbi sana na paipu haitoboki. Nikichoma kwa kushuka siachi mkono uzembee: ganda lililoyeyuka likitangulia mbele ya chuma, linafunikwa humo humo. Juu mshono utang'aa, ila ukipitisha grainda utaona mstari wa kijivu au kishimo. Hapo hakuna dawa isipokuwa kukata na kurudia.

Pale ambapo 2.5 peke yake haitoshi ni kwenye bawaba, na hili nilijifunza kwa gharama. Geti nililolitengeneza mwenyewe liliinama upande mmoja baada ya miezi michache. Nilipolishusha, mshono ulikuwa umebanduka mzima upande wa bawaba, na chini yake alama za grainda zilikuwa bado zinaonekana. Maana yake bawaba haikuyeyuka hata kidogo. Chuma cha rodi kililala juu yake tu. Nilikuwa nimetumia 2.5 kwa ampea 70 kote. Paipu nyembamba ilikubali, lakini bawaba nene ilimeza joto lote.

Siku hizi nafanya kwa hatua mbili. Kwanza nachukua kipande cha flati bar cha milimita 6 na kukichomelea kwenye paipu kuzunguka pande zote kwa 2.5, ili uzito wa geti usibebwe na eneo dogo la paipu. Kisha bawaba naichomelea juu ya flati kwa 6013 ya milimita 3.2, yaani geji 10, kwa ampea 110 hadi 120. Sasa vyuma vyote viwili ni vinene na vinayeyuka pamoja. Sehemu hii peke yake ningekubali 7018, kwa fundi mwenye mashine ya kuiweza na rodi zilizo kavu.

Yule mzee nilimchomea vipande viwili vya paipu ile ile, kimoja kwa 6013 yangu, kingine kwa 7018 yake kwenye inveta. Nikavibana kwenye jiliwa na kumpa nyundo avipinde mwenyewe. Vyote viwili vilichanika kwenye paipu, pembeni ya mshono. Akavigeuzageuza, akaniuliza kama duka litamrudishia hela ya pakiti.