Vizimba vya mlangoni na vya nyuma: kodi iwe moja?

Anayejenga soko dogo la ndani mjini Moshi hupenda kodi moja kwa vizimba vyote. Ni rahisi kuikusanya, na wafanyabiashara huiona ya haki kwa kuwa kila mmoja kapata eneo lilelile. Hoja hiyo ina uzito: penye bei tatu, maneno ya upendeleo huanza siku ya kugawa.

Chukua ukumbi wa mita 12 kwa 12 wenye vizimba 20 vya mita 2 kwa 2, safu nne za vizimba vitano kuanzia mlangoni hadi nyuma, na njia mbili za mita 2 ili mbebaji wa tenga apishane na mnunuzi. Tuseme kodi ni shilingi 70,000 kwa mwezi kila kimoja. Vikijaa vyote, ni 1,400,000. Lakini mnunuzi wa nyanya hamalizi ukumbi. Akipata fungu zuri mbele, anageuka. Vinne vya nyuma vikikosa watu, zinabaki 1,120,000. Huku mbele, mwenye mkataba anampangisha mwingine kwa 100,000 na kubaki na 30,000 bila kuuza chochote. Dalili yake huonekana wazi: anayeuza si yule aliyesaini, na kizimba kinapohama mkono watu wanadaiana kilemba, yaani pesa ya kuachiana kizimba.

Kwa hiyo naona bei ifuate mahali: vinne vya mlangoni 90,000, kumi na viwili vya kati 70,000, vinne vya nyuma 50,000. Jumla ni ileile 1,400,000, ila wa nyuma sasa ana sababu ya kubaki.

Wanaopinga wana jambo moja linalonitia wasiwasi kweli. Mama wa mboga hawezi kumshinda muuza vifaa vya simu kwa 90,000. Mlango ukijaa chaja na kava, mama wa nyumbani aliyekuja kutafuta mchicha ataendelea moja kwa moja hadi soko la Mbuyuni, na soko zima litampoteza. Bei peke yake haitoshi. Mkataba utaje bidhaa: angalau vizimba viwili vya mlangoni viwe vya mboga na matunda kwa 70,000. Mwenye jengo anaacha 40,000 kwa mwezi, na kwangu hiyo ni gharama halali ya kuwaleta wateja.

Nyuma wapewe mafundi cherehani na wasusi, maana wateja wao huwafuata popote. Fundi mwenye meza ya kukatia anabanwa na mita 2, hivyo kuta za huko ziwe za mbao zinazotolewa, vizimba viwili viunganike. Kila mmoja awe na mita yake ya umeme, kwani pasi ikichangia mita moja na taa za wengine, ugomvi hauishi.

Kuhusu kupangisha mtu wa pili, kanuni iwe moja: kizimba kinarudi kwa mwenye jengo, naye anakigawa upya kwa bei iliyobandikwa ukutani, bila kilemba.