Waraka wa maswali na majibu, na gari la sangara la saa 11 alfajiri

Kiwanda cha minofu kinapoacha daftari la mapokezi na kuhamia kwenye mfumo wa kompyuta, waraka wa maswali na majibu kwa wafanyakazi huwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kutolewa. Mara nyingi ni kurasa mbili hivi. Mfumo ni nini? Kwa nini tunauleta? Utaanza lini? Mafunzo yatafanyika wapi? Majibu ni sahihi na Kiswahili chake kimenyooka, lakini karani wa mizani akiusoma haambulii kitu cha kumsaidia gari likishafika getini.

Wanaoutetea waraka wa namna hiyo wana hoja. Meneja anasema kazi yake ni kutuliza watu na kuwapa habari moja kabla uvumi haujatangulia, na mambo ya kubonyeza yana mwongozo wake wenye kurasa themanini. Ukiyaingiza humu hakuna atakayesoma. Anaongeza kwamba sababu ya kuleta mfumo lazima ielezwe, na hapo siwezi kumpinga. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia, na kanuni yake namba 178 ya 2002 inadai chakula kifuatiliwe hatua moja nyuma na hatua moja mbele. Anayepima uzito mapokezini ana haki ya kujua kwamba namba ya loti anayoiandika ndiyo itakayofuatwa mzigo ukizuiwa Ulaya.

Upande wa pili ni wa watu wa zamu. Wao hawaulizi mfumo ni nini. Wanauliza, "Nikikosea uzito na nimeshabonyeza, nafanyaje?" Jibu linaloandikwa kwa kawaida ni: wasiliana na msimamizi wa mfumo. Hebu tulifuate jibu hilo mpaka mwisho wake.

Tuseme gari la barafu limeshusha kreti za sangara saa 11 alfajiri. Baada ya kutoa uzito wa kreti, samaki ni kilo 214. Karani, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, anaandika 412 kwenye kishikwambi na kubonyeza `Post`. Anagundua kosa papo hapo. Msimamizi wa mfumo anaingia ofisini saa 2 asubuhi, na wakala wa samaki amesimama pembeni akidai stakabadhi yake ili gari ligeuze. Karani anafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angekifanya: anaingiza mzigo upya, safari hii kilo 214, anachapa stakabadhi, wakala anaondoka ameridhika.

Kuanzia hapo mfumo unaamini kuna kilo 626 kwenye loti ile. Samaki wanaingia kwenye meza za kukata, wanatoka minofu. Kama kiwanda kinatarajia minofu ya takriban asilimia 40 ya uzito uliopokelewa, kilo 214 zitatoa karibu kilo 86. Ripoti ya jioni inagawanya 86 kwa 626 na kupata chini ya asilimia 14. Meneja wa uzalishaji akiiona namba hiyo, kosa la mizani halimjii kichwani. Anaanza kuwafikiria wakata minofu na mifuko ya makoti yao. Kosa la mtu wa mapokezi linamwangukia mtu wa ukumbi mwingine ambaye hata kishikwambi hajawahi kukigusa, na wahasibu nao wana mapokezi mawili kwa mzigo mmoja, bila kujua lipi la kulipa.

Jibu ambalo lingezuia yote hayo lina mistari minne tu. Usiingize mzigo mara ya pili. Fungua ingizo lile lile, bonyeza `Reverse`, andika sababu; mfumo utaweka kilo 412 za kutoa bila kufuta chochote, kisha ingiza 214. Kama kitufe hicho hukioni, mwenye ruhusa ni kiongozi wa zamu, na jina lake liko kwenye ratiba ya zamu ukutani. Kama naye hayupo, mpe wakala stakabadhi ya muda ya mkono na uache ingizo lilivyo mpaka afike.

Kuandika mistari hiyo kunamlazimisha mtu fulani aamue kwanza kama kiongozi wa zamu ya usiku atapewa ruhusa ya kurekebisha. Wahasibu hawaipendi, kwa sababu anayeweza kugeuza uzito usiku anaweza pia kula njama na wakala. Hofu yao ni ya kweli. Kwa maoni yangu inatosha kwamba kila marekebisho yanabaki na jina, saa na sababu, na mkaguzi anayapitia asubuhi. Unaweza kuamua vingine, mradi uamuzi ufanyike kabla mfumo haujawashwa. Waraka uliojaa "wasiliana na" unaonyesha maamuzi ambayo bado hayajafanywa. Hiyo ndiyo faida yake ambayo wakubwa huiona mwishoni kabisa, kama wakiiona.

Swali la pili linaloumiza ni la mtandao. "Mtandao ukikata na gari liko getini?" Muuzaji wa mfumo hujibu kwa fahari kwamba mfumo unafanya kazi hata bila mtandao. Ni kweli, ila ni nusu ya jibu. Maingizo yanakaa ndani ya kishikwambi mpaka mtandao urudi, na wakati huo ofisi haioni kitu. Ofisi inapiga simu kuuliza mzigo uko wapi, karani anadhani haukuingia, anauingiza tena kwenye kishikwambi kingine. Mtandao ukirudi vyote viwili vinapanda, na tumerudi kwenye kilo zisizokuwepo. Waraka unapaswa kumwonyesha alama ya kuangalia: kama juu ya kioo kumeandikwa `Pending 3`, mizigo mitatu imehifadhiwa na inasubiri. Usiirudie, na usikubali mtu yeyote afute programu au data za kishikwambi hicho kabla namba haijarudi sifuri. Fundi mwenye nia njema anayesema "ngoja niifute niiweke upya" ndiye anayeweza kuupoteza mzigo kabisa.

Umeme nao? Kishikwambi kitadumu saa kadhaa kwa betri, printa haitadumu. Hapo ndipo karatasi inaporudi, na ndipo ubishi mkali zaidi ulipo. Kuna mameneja wasiotaka karatasi itajwe popote kwenye waraka. Wanasema ukimpa karani mlango wa nyuma ataupita kila siku, na baada ya miezi sita utakuwa na mfumo wa gharama kubwa na daftari lile lile la bluu. Wameshaona hivyo na hawaongopi. Lakini samaki hasubiri. Sangara anatakiwa abaki kwenye joto lililo karibu na la barafu inayoyeyuka. Ukimwacha getini kwa sababu kompyuta imezima, umelinda rekodi na kuharibu samaki. Naegemea upande wa karatasi, kwa masharti: fomu zenye namba zinazofuatana, zitolewe na kiongozi wa zamu kwa sahihi, ziingizwe kwenye mfumo kabla zamu haijaisha, na saa inayoandikwa iwe ile ya kupima, siyo ya kuingiza. Sharti hilo la mwisho likisahaulika, mzigo wa alfajiri utasomeka umepokelewa saa 5, na mkaguzi wa ubora hatajua umekaa muda gani. Fomu hizo zinamsaidia hata meneja mwenye mashaka, maana akihesabu ngapi zimetumika kwa wiki atajua kama watu wanakimbia mfumo au umeme ndio tatizo.

Kwa wiki za mwanzo, daftari na mfumo vikienda pamoja, waraka useme neno moja: vikitofautiana, kipi kinalipa? Mpaka tarehe fulani daftari, baada yake mfumo. Bila hilo kila wakala atachagua namba iliyo kubwa, na mimi ningekuwa wakala ningefanya hivyo hivyo.

Suala la kuazimana nywila halihitaji maneno mengi. Kila waraka unakataza, na kila zamu wanaazimana kwa sababu kuingia upya kunachukua muda na glavu zimelowa. Katazo lenye sababu linasikika zaidi: zile kilo 412 zitasomeka kwa jina lako.

Halafu kuna swali ambalo halifiki kwenye kikao, linaulizwa kwenye foleni ya chai. "Makarani watatu wa mizani watabaki wangapi?" Nimesikia watu wakiita ukimya wa waraka kuhusu hili unafiki. Mara nyingine ni unafiki kweli. Lakini upande wa mwajiri una jambo ambalo wafanyakazi hawalioni: kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 kinamtaka, akikusudia kupunguza watu kwa sababu za uendeshaji, atoe taarifa, aweke wazi habari zinazohusika na kushauriana kabla. Akiandika kwenye waraka kwamba nafasi mbili zitaondoka, ametangaza uamuzi kabla ya mashauriano. Akiandika kwamba hakuna atakayepoteza kazi, ametoa ahadi ambayo mkurugenzi mwingine anaweza kuivunja mwakani, na karatasi ile itabaki kwenye simu za watu.

Hata hivyo, kuliruka swali siyo njia pekee iliyobaki. Inawezekana kuandika kilicho kweli: kazi ya kuandika daftari inaisha tarehe fulani, kazi ya kupima na kupanga loti inabaki, idadi ya watu haijaamuliwa, na ikifikia kuamuliwa tawi la chama cha wafanyakazi litaitwa kwanza. Jibu hilo halimfurahishi mtu. Ila karani akilisoma anajua ajifunze nini na amuulize nani, na mwanasheria wa kiwanda hana cha kulifuta.

Kuhusu urefu, sioni sababu ya kugombana. Kurasa mbili za meneja ziende kwa wote, na karatasi moja yenye maswali ya mapokezi ibandikwe juu ya mizani, imewekewa plastiki kwa sababu ya maji. Iwe na tarehe na jina la anayeijibia, kwa kuwa mfumo utabadilishwa na kitufe cha `Reverse` kinaweza kuhamia pengine. Siku hiyo karatasi ya zamani ing'olewe kabla zamu ya usiku haijaingia. Maswali yake wayatoe wale wa usiku. Wa mchana wakikwama wana mtu wa kumwita.