Katika Wasifu wa Meneja wa Bidhaa, Natafuta Kilichobadilika

Kampuni moja changa ya hapa Moshi iliniomba niisaidie kusoma wasifu wa waombaji wa nafasi ya meneja wa bidhaa. Kampuni hiyo inatengeneza programu ya simu ambayo karani wa chama cha msingi cha ushirika huitumia kuandika kilo za kahawa ya maganda zinazoletwa na kila mkulima, kisha mkulima hupokea malipo yake ya awali kwa simu, huku malipo ya pili yakisubiri kahawa iuzwe. Tangazo la kazi lilikuwa na masharti matatu yaliyobeba uzito: mwombaji awe amemiliki ramani ya bidhaa ya miezi 12, awe amefanya utafiti wa watumiaji yeye mwenyewe, na awe ameweza kuzishawishi timu ambazo haziko chini yake.

Wajumbe wenzangu walikuwa wameandaa karatasi yenye safu tatu, na kila mwombaji alipaswa kupewa alama katika kila safu peke yake. Nilipinga utaratibu huo, na bado naupinga, kwa sababu masharti yale matatu ni hatua za kazi moja. Anayetafiti watumiaji hujifunza jambo, jambo hilo hubadilisha mpangilio wa kazi uliomo kwenye ramani, na mpangilio ukibadilika kuna timu nyingine inayolazimika kubadili utaratibu wake. Ukizisoma safu moja moja, mtu mwenye maneno mazuri katika kila safu atashinda hata kama hakuna chochote kilichosogea mahali alipofanya kazi.

Nianze na ramani. Ramani ya bidhaa ni mpangilio wa nini kitengenezwe kwanza, nini kifuate, nini kisitengenezwe kabisa, na kwa sababu gani. Neno kumiliki katika tangazo lina maana ya kuwa na kauli ya mwisho juu ya mpangilio huo. Huku kwetu Kilimanjaro na Arusha neno hili linahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa wengi wetu tumejifunzia kazi katika miradi ya wafadhili, ambako mpango kazi hutiwa saini kabla hata meneja hajaajiriwa. Meneja wa mradi wa namna hiyo husifiwa kwa kukamilisha yaliyopangwa, kwa wakati na kwa bajeti. Hiyo ni kazi ngumu na ya heshima, lakini si umiliki wa ramani. Kwa hiyo, ninaposoma wasifu, kitenzi hakinisaidii sana. Ninatafuta kitu kilichoahirishwa au kuondolewa na mwombaji, kwa sababu anayetekeleza tu hana ruhusa ya kuondoa. Ninatafuta pia sentensi inayoeleza kilichotokea baada ya programu kuanza kutumika, kwani mwenye mradi huondoka mradi unapofungwa, ilhali mwenye bidhaa hubaki kuona watu wakiitumia au wakiiacha.

Sasa nije kwenye wasifu mbili zilizotugawanya. Ya kwanza, ambayo nitaiita ya kurasa tatu, ilikuwa ya kaka aliyefanya kazi miaka minne katika taasisi moja ya kilimo. Aliandika kwamba alimiliki ramani ya bidhaa tangu mwanzo hadi mwisho na kukamilisha vipengele 6 kati ya 6 kwa wakati, kwamba alifanya utafiti na wakulima 200, na kwamba aliongoza kikosi cha watu 14 kutoka idara mbalimbali. Mkurugenzi wa kampuni alifurahi. Aliniambia, "Kaka, huyu ameongoza watu 14, sisi tutamtafutia kosa gani?"

Sikumtafutia kosa. Niliomba tusome tarehe. Vipengele 6 vilitajwa kuwa vilipangwa mwanzoni mwa mradi, na vyote vilitoka kama vilivyopangwa. Utafiti wa wakulima 200 ulifanyika katika robo ya mwisho ya mwaka wa mwisho. Hapo jambo moja linaonekana bila kumshuku mtu yeyote uongo: wakulima waliulizwa wakati hakuna kilichobaki cha kubadilisha. Utafiti ule ulikuwa wa kuandikia ripoti. Na hata kama ungefanyika mapema, ramani inayozungumza na watu 200 kisha isisogee hata kidogo inazua swali lilelile, kwa sababu ni nadra mno watumiaji wengi kiasi hicho kuthibitisha kila kitu ulichokibuni ukiwa ofisini.

Namba 200 yenyewe inahitaji kusomwa kwa makini. Mahojiano ya kweli na mkulima mmoja huchukua karibu saa nzima, ukiacha safari ya kumfikia na kazi ya kuandika ulichosikia. Watu 200 ni saa 200 za mazungumzo peke yake, kwa hiyo karibu kila mara namba kama hiyo huwa ni hojaji iliyojazwa na wasaidizi. Hojaji ina manufaa yake, kwani hukuambia ni wakulima wangapi wana simu janja, lakini haikuonyeshi karani anavyohangaika na simu huku foleni ikiongezeka mbele ya mizani. Kwa kazi hiyo ya pili idadi ndogo hutosha. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya programu na tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba kujaribu muundo na watumiaji 5 hufichua sehemu kubwa ya matatizo yake. Hoja yake inahusu majaribio ya matumizi na kundi moja la watumiaji wanaofanana, si utafiti wa kujua soko linahitaji nini, na ni vizuri mpaka huo ukumbukwe. Hata hivyo inatosha kutuzuia tusimpe mtu alama kwa ukubwa wa namba peke yake.

Kuhusu watu 14, tangazo liliomba ushawishi kwa watu wasio chini yake. Wasifu ilisema aliwaongoza, na hapakuwa na neno la kuonyesha kwamba kulikuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa na uwezo wa kumkatalia. Mtu anayekusainia ruhusa ya likizo hakushawishi, anakuagiza. Inawezekana kabisa kwamba kaka huyu anao ushawishi mkubwa, lakini wasifu yake ilithibitisha mamlaka, na mamlaka hayo asingekuwa nayo katika kampuni hii, ambako wataalamu wa programu wana kiongozi wao na wahasibu wana mkuu wao.

Wasifu ya pili ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, ya dada aliyeitwa mchambuzi wa mifumo, si meneja wa bidhaa, na kwa sababu ya cheo hicho ilikuwa tayari imewekwa upande wa waliokataliwa. Sentensi moja ndiyo iliyoirudisha mezani. Aliandika kwamba alikaa na makarani wa vyama vinne vya msingi, Marangu na Kibosho, wakati wa kupima kahawa, akaona wanaandika kwanza daftarini na kuingiza kwenye simu usiku kwa sababu mtandao haukuwa wa uhakika penye mizani. Kwamba aliahirisha ukurasa wa takwimu za viongozi ili uwezo wa kuandika bila mtandao utangulie kabla ya msimu. Na kwamba idara ya fedha ilibadili muda wa kuidhinisha malipo kutoka saa kumi jioni hadi asubuhi inayofuata.

Naomba msomaji aitazame sentensi hiyo kama ninavyoitazama. Utafiti upo, na ni mdogo: vyama vinne, kwa macho yake mwenyewe, mahali kazi inapofanyika. Ramani ilisogea, tena kwa gharama, kwa kuwa ukurasa wa takwimu za viongozi ndio ambao wakubwa huusubiri kwa hamu. Na idara isiyo yake ilibadili saa zake za kazi. Mnyororo wote uko pale, na kila kiungo kinaweza kuhojiwa.

Hata hivyo sikumpa alama kamili, na ni muhimu nieleze kwa nini. Tulitumia alama 0 hadi 3: 0 ni kutokuwepo kwa jambo, 1 ni dai tupu, 2 ni tendo lenye sababu inayoonekana, na 3 ni tendo, sababu, na kilichotokea baadaye. Katika ramani nilimpa 2, kwa sababu mpangilio wake ulihusu msimu mmoja wa mavuno wakati tangazo linataka miezi 12, na kwa sababu sentensi haikusema kama uamuzi wa kuahirisha ulikuwa wake au alipendekeza tu kwa bosi. Katika utafiti nilimpa 3, kwa vile aliongeza mstari kwamba msimu uliofuata makarani wa vyama vitatu kati ya vinne waliacha kuandika mara mbili. Katika ushawishi nilimpa 2: idara ya fedha ilikubali, lakini hatukujua ilikubali vipi. Kaka wa kurasa tatu alipata 1 katika kila sehemu. Wote wawili waliitwa, kwa sababu 1 maana yake ni kwamba karatasi haikuthibitisha, na wapo watu hodari walioandika wasifu kwa kunakili majukumu ya barua ya ajira.

Tulipofika hapo nilimuuliza mkurugenzi swali ambalo lingepaswa kuulizwa kabla ya tangazo kutoka: katika kampuni hii, nani ana kauli ya mwisho juu ya kinachotengenezwa? Alijibu kwa unyofu kwamba ni yeye. Basi tangazo lilikuwa likiomba mtu awe na kitu ambacho kampuni yenyewe haikuwa tayari kumpa, na mwombaji mwenye uzoefu halisi wa umiliki angeligundua hilo mwezi wa kwanza na kuondoka. Nalitaja kwa sababu naona kosa hili mara nyingi, nalo huharibu tathmini yote hata kama wasifu zimesomwa vizuri.

Kwenye usaili tulimuuliza dada yule idara ya fedha ilisema nini mara ya kwanza. Alisema mhasibu mkuu alikataa, na alikuwa na haki: rekodi inayokaa kwenye simu hadi mtandao upatikane inaweza kutumwa mara mbili, na mkulima akalipwa mara mbili. Alimpeleka mhasibu penye mizani Kibosho siku ya Jumamosi, kisha yeye na wataalamu wa programu wakapendekeza kila upimaji upewe namba ya stakabadhi na simu yenyewe palepale, na mfumo wa malipo ukatae namba iliyokwisha kulipwa. Mhasibu mwenyewe ndiye aliyetaka uidhinishaji uhamie asubuhi, ili apate usiku mzima wa rekodi kuwasili. Alama yake ya ushawishi ikapanda hadi 3. Ya ramani ilibaki 2, kwa kuwa alikiri kwamba uamuzi wa kuahirisha ulitiwa saini na bosi wake, na mkurugenzi akakubali kuandika kwenye barua ya ajira kwamba kwa miezi 6 ya kwanza wataamua mpangilio pamoja, na baada ya hapo kauli ya mwisho itakuwa yake.